Taharuki ya ubeti wa tatu huandikwa katika ubeti wa kwanza

Vijana ninaokaa nao kuandika hapa Nakuru wakiniambia wana hadithi ya rapu ya beti tatu, mara nyingi wana mwisho tu. Wana ule mstari wa kumwacha msikilizaji mdomo wazi, halafu beti mbili za mbele wamezijaza maisha magumu, mtaa, mama na Mungu, mradi wafike pale. Kijana mmoja wa Rhonda alinijia na wimbo wa aina hiyo. Msimulizi ni soja wa usiku katika duka la vifaa vya ujenzi karibu na Top Market. Ubeti wa kwanza ulikuwa shida zake, wa pili shida zile zile kwa maneno mengine, na wa tatu mwizi anaingia, wanakabana, kofia ya mwizi inadondoka, soja anamulika tochi usoni, anamwona... na wimbo unakatika.

Aliwachezea rafiki zake kwenye simu, wakamwuliza, "Kwa hivyo ni nani?" Yeye akadhani hiyo ndiyo taharuki. Mimi nilimwambia hapana, na tukatumia wiki kadhaa kuujenga wimbo ule upya. Nausimulia hapa kwa ruhusa yake, kwa sababu kila kosa la aina hii ya uandishi lilikuwamo, na kila tiba ilipatikana ndani ya hadithi ile ile bila kuongeza mtu wala bunduki.

Tuanze na ile kofia. Msimulizi ni "mimi". Mimi nimeona uso. Kama mimi nimeona na wewe unayenisikiliza hujaona, basi kilichokuzuia si hadithi, ni mkono wa msanii uliokuziba macho. Msikilizaji huo mkono anauhisi hata kama hawezi kuueleza, na ndiyo maana swali lake hutoka na hasira kidogo. Kanuni ninayoishika ni hii: pale unapokata wimbo, msikilizaji awe anajua kila kitu anachokijua msimulizi. Kinachobaki kizani kiwe kile ambacho hata msimulizi mwenyewe bado hajakijua, yaani atafanya nini sasa. Kwa hiyo tulikubaliana mwizi ajulikane mapema, mwanzoni kabisa mwa ubeti wa tatu, na awe mtu ambaye kumjua kwake kunaongeza uzito badala ya kuumaliza. Tukamfanya mdogo wake soja.

Hapo swali lilibadilika. Halikuwa tena "ni nani?" bali "atamtaja?" Na swali la ndiyo au hapana lenye gharama pande zote mbili ni zito kuliko fumbo lolote. Akimtaja, anampeleka ndugu yake gerezani. Akimficha, anakwenda yeye.

Lakini gharama hizo haziwezi kuelezwa katika ubeti wa tatu. Hakuna nafasi, na kila sekunde ya kueleza inapoza moto. Biti yetu ilikuwa ya mapigo 90 kwa dakika. Mstari mmoja wa mapigo manne unachukua kama sekunde 2.7, kwa hivyo ubeti wa mistari 16 unaisha kwa sekunde 43 hivi. Ndani ya sekunde hizo unataka mwizi, ndugu, rungu, na bosi langoni. Ukianza pale kueleza kwamba ndugu huyu alikuja lini, ana deni gani, na kwa nini soja ana ufunguo, umeshapoteza watu. Vyote hivyo lazima viwe vimeshaingia masikioni katika ubeti wa kwanza, wakati msikilizaji bado ametulia na hajui kwamba anapewa silaha.

Huu ndio ubeti wa kwanza tuliofikia:

Saa kumi na mbili nimefika langoni,
Koti la manjano, rungu langu mkononi.
Duka la saruji, mabati na misumari,
Mzee akifunga hunambia, "Jihadhari."
Funguo mbili tu zafungua kufuli,
Moja yake, moja yangu, hiyo ndiyo kauli.
Lori huja usiku, mimi hulipokea,
Mchana ufunguo nyumbani hungojea.
Mlinzi aliyepita walimwita mwizi,
Yuko ndani bado, mkewe hana usingizi.
Mdogo wangu kaja juzi, begi mgongoni,
Analala kwangu, deni liko shingoni.
Kifua chamsumbua tangu tukiwa shule,
Akikohoa jirani hujua ni yule.
Saa tatu kamili simu yangu huita,
Swali ni lile lile, sijawahi kusita.

Ukiusoma haraka unaonekana kama maelezo ya kazi tu, na ndivyo tulivyotaka. Hakuna tukio kubwa. Lakini hesabu kilichopandwa. Funguo ni mbili. Mmoja hulala nyumbani mchana. Mlinzi wa kabla yake amefungwa. Mdogo wake analala palepale ulipo ufunguo, na ana deni. Kifua chake kina kikohozi kinachotambulika hata ukutani. Na bosi hupiga simu kila usiku saa tatu na kuuliza swali moja. Ubeti wa tatu utavitumia karibu vyote hivyo.

Mstari wa lori ulituchukua muda kuliko yote. Mtu yeyote wa Nakuru anajua soja hapewi ufunguo wa ghala hivihivi. Kijana aliona ni jambo dogo, kwamba msikilizaji hatauliza. Atauliza, tena atauliza wakati mbaya, kule kwenye ubeti wa tatu unapomtaka ashike pumzi. Malori ya saruji hufika saa zisizo na mpango, na mtu wa kuyapokea usiku ni aliyeko pale. Mstari mmoja ukaliziba tundu. Kama hadithi yako ina tundu, lizibe kwa sababu ya kazi, ya kawaida, na ulizibe kabla halijaonekana.

Angalia pia vilipokaa vitu hivyo. Rapu haisomwi, inasikika, na mara nyingi inasikika ndani ya matatu, makanga anagonga bati na mtu anateremka Kaptembwo. Msikilizaji hawezi kurudi nyuma mistari mitatu kuangalia. Kitu ambacho utakihitaji baadaye kiweke kwenye kina, mwishoni mwa mstari au karibu nacho, kwa sababu hapo ndipo sikio hushika. "Kufuli" iko kwenye kina. "Yule" wa kikohozi yuko kwenye kina. "Kusita" iko kwenye kina, na ndicho kina cha mwisho kabla ya kiitikio. Katika rasimu ya awali kikohozi kilikuwa katikati ya mstari, kimebanwa na maneno mengine, na watu watatu kati ya wanne tuliowasomea hawakukikumbuka.

Juu ya vina vyenyewe nina neno, kwa sababu wimbo wa hadithi hufa mapema zaidi kwa vina vibovu kuliko wimbo wa majigambo. Karibu vitenzi vyetu vyote huishia na a. Mtu anaweza kuandika "akatoka", "akalala", "akanuna" na akadhani amepata vina. Hajapata kitu. Mkazo wa neno la Kiswahili hukaa silabi ya pili kutoka mwisho, kwa hivyo sikio linangoja irabu ya silabi hiyo pamoja na yote yanayoifuata: kufuli na kauli, mwizi na usingizi, huita na kusita. Hapo mkazo na mlingano vinagongana pamoja na ngoma. Tulikubaliana pia kwamba hakuna mstari wowote katika beti utakaoishia na -ani. Mlio huo tuliuwekea kiitikio peke yake, ili sikio likiusikia lijue swali limefika.

Kiitikio ni hiki, kinarudiwa mara mbili, mistari minne kwa jumla:

Nani yuko ndani? Nijibu, ni nani?
Ni mimi peke yangu, lala kwa amani.

Baada ya ubeti wa kwanza ni simu ya kawaida tu. Mzee anauliza, soja anajibu, siku imepita. Tulirekodi mstari wa kwanza kwa sauti iliyokatwakatwa kama ya simu, na wa pili kwa sauti ya mtu aliyezoea, karibu ya kupiga mwayo. Msikilizaji anajifunza umbo la kiitikio: kwanza swali, kisha jibu. Umbo hilo ndilo tutakalolivunja mara mbili, na haliwezi kuvunjika kama halijajengwa kwanza.

Ubeti wa pili ndipo wengi hukwama. Wa kwanza una watu wapya, wa tatu una moto, na wa pili unaonekana ni daraja tu. Kipimo changu kwake ni chepesi: baada ya ubeti huu, je, kuna kitu ambacho hakiwezi tena kurudi kilivyokuwa? Katika rasimu ya kijana hakikuwapo. Ungeweza kuubadilisha ubeti wa kwanza na wa pili na wimbo ungebaki vilevile, na hiyo ni dalili kwamba hadithi imesimama hata kama midomo inakwenda mbio. Tukaamua mwisho wa ubeti wa pili soja awe ameshajua kwamba aliyeingia ana ufunguo wake. Hicho hakirudi. Ukishajua umeshajua.

Mistari sita ya katikati naiacha, ambamo anakumbuka alivyotoka nyumbani mbio mawingu yakikusanyika. Iliyobaki ni hii:

Saa ya chai mvua ikanizuia,
Stima zikapotea, giza likatuvamia.
Kufuli likalia tak, likalegea,
Mlango wa ghala polepole ukasogea.
Nikashika mfuko, hamna ufunguo,
Niliutundika leo karibu na nguo.
Mbili toa ya Mzee, yabaki moja,
Nikajibana penye saruji, nikangoja.
Nikavuta pumzi, nikaita kwa ukali,
Sauti ikagonga bati, ikaenda mbali.

Mvua pale si pambo. Bila mvua soja angekuwa kibandani anakunywa chai kama kila siku, na anayelala nyumbani kwake anazijua saa zake. Mvua ndiyo iliyomweka mahali ambapo hakutarajiwa. Kila hatua ya hadithi ya dakika tatu inatakiwa kusababishwa na ile iliyotangulia, au angalau na kitu ambacho mji wenyewe hukifanya bila kuombwa. Stima kupotea mvua ikinyesha hakuhitaji maelezo kwa mtu wa Rhonda wala wa Kondele.

Ubeti huu ni wa -ka-, na -ka- ni zawadi ya lugha yetu kwa msimulizi. Inabeba "halafu" ndani yake, huna haja ya kusema halafu. Hatari yake ni kwamba inaelekea kila mstari uanze na "nika": nikaamka, nikavaa, nikatoka, nikaona. Silabi mbili zile zile zinagonga pigo la kwanza la kila mstari, na baada ya mistari mitano sikio linalala. Tiba tuliyotumia ni kuviacha vitu vitende. Stima zikapotea. Kufuli likalia. Mlango ukasogea. Sauti ikagonga. Soja mwenyewe anaingia kwa kuchelewa, na anapoingia anaingia kwa kushika mfuko wake. Giza limekuwa na shughuli nyingi kuliko yeye, na ndivyo mtu aliyejificha anavyoona dunia.

Kuhusu urefu wa mistari: shairi letu la kawaida lina mizani 16 kwa mshororo, nane na nane, na ukiligawa pigo moja mara nne kwa mapigo manne unapata nafasi 16 hizo hizo. Ndiyo maana mtu aliyelelewa na mashairi huona rapu imemkalia vizuri. Lakini anayerapu anahitaji pumzi, na mashairi ya kusoma hayamwachii. Tuliilenga mizani 13 au 14, tukaruhusu 15 pale mstari unapokimbia. Mstari ukifika 16 kijana alikuwa anaanza kumeza silabi, na silabi inayomezwa kwanza ni kiambishi cha mtendaji. Katika hadithi ukimeza kiambishi hicho, msikilizaji hajui tena nani amefanya nini.

Sasa kiitikio cha pili. "Nani yuko ndani?" ni soja mwenyewe anauliza giza. Sauti si ya simu tena, ni ya mtu anayepiga kelele kwa sababu anaogopa. Tukafika pale jibu linapotakiwa, na prodyuza akauliza kama aweke "ni mimi peke yangu" kama kawaida, kwa sababu watu wataimba. Tulikataa. Mahali pa jibu tuliacha mvua juu ya mabati, na mwisho wa mstari wa nne tukaweka kikohozi. Kimoja, kikavu, mbali kidogo na maiki. Vumbi la saruji lingemkohoza mtu yeyote, ila huyu ana kikohozi ambacho tumeshaambiwa jirani hukitambua.

Kijana aliogopa kwamba tumetoa siri mapema mno. Nilimwomba aucheze wimbo tangu mwanzo hadi hapo tu kwa mama anayeuza chai karibu na tulipokuwa tunaandikia, kisha asimamishe. Mama yule hakuuliza ni nani. Alisema, "Ngai, mdogo wake!" kisha akauliza, "Sasa Mzee akipiga simu?" Hakuna aliyemdokezea kuhusu simu. Alikuwa ameichukua kutoka mistari miwili ya ubeti wa kwanza na kuikumbuka mwenyewe. Hicho ndicho kipimo ninachokiamini. Simamisha wimbo kabla ya ubeti wa tatu, mwulize mtu anahofia nini. Akisema "sijui", umeandika ukungu. Akitaja jambo moja au mawili yenye sura, umeandika taharuki, na kazi iliyobaki ni kumpeleka hadi ukingoni.

Ubeti wa tatu tuliupunguza hadi mistari 12, na maneno yako kwenye kumi tu. Tulihama pia kutoka -ka- kwenda -na-. Si yaliyopita tena, yanatendeka sasa, na msimulizi hana faida ya kujua yalivyoisha. Ukisimulia kwa -ka- hadi mwisho, msikilizaji anajua kwamba msimulizi alinusurika, yuko mahali salama anakumbuka. Kwa -na- hana uhakika huo.

Kifua kinajibu, kile cha tangu shule,
Vumbi la saruji linamkaba yule yule.
Nawasha tochi, macho yanakutana,
Ufunguo kidoleni, na maneno hana.

Hapo panafuata mistari miwili mitupu. Mvua na besi tu. Kisha:

"Kaka, nisamehe, wananidai vibaya,"
Machozi, vumbi, mvua, uso wote wa haya.
Rungu liko juu, mkono haujashuka,
Nje, mlango wa gari unafunguka.
Ni saa tatu kamili, simu inaita,
Swali ni lile lile, na leo ninasita.

Mistari miwili mitupu ilizua ubishi studio. Prodyuza aliona ni hasara, kwamba watu wataruka wimbo. Lakini hiyo ni kama sekunde tano na kidogo tu, na ndizo sekunde ambazo ndugu wawili wanaangaliana. Kuzijaza kwa maneno ya soja ("moyo unaniuma, damu inachemka") kungekuwa kumwambia msikilizaji ahisi nini wakati ameshahisi. Mstari "maneno hana" unaupa ukimya sababu ya kuwapo, kwa hivyo hausikiki kama biti imekwama.

Angalia pia ni maelezo gani ndugu huyu anapewa: mstari mmoja. Deni lilishasemwa katika ubeti wa kwanza, "liko shingoni", kwa hivyo "wananidai vibaya" inatosha. Rasimu ya katikati ilikuwa na mistari minne ya jinsi alivyokopa na nani anamtisha. Ilikuwa mizuri, nakiri niliipenda, lakini ilimfanya mdogo mtu kuwa mwenye hadithi. Wimbo huu ni wa soja. Anayeshika rungu na anayeshika simu ni yeye.

Mlango wa gari ni kitu pekee kipya katika ubeti wote, na tulijadiliana kama kina haki ya kuwapo. Simu peke yake mtu anaweza kutoipokea, akasema baadaye alikuwa usingizini. Bosi akiwa langoni, njia hiyo imefungwa. Kazi ya mistari ya mwisho kabla ya kukata ni kufunga njia moja baada ya nyingine hadi zibaki mbili. Zikibaki tatu msikilizaji anatulia, anajisemea atapata pa kutokea. Ikibaki moja, hakuna swali, unachelewesha tu.

Jambo la mwisho lilikuwa namna ya kukata. Kuna njia ya kufifisha sauti polepole, na kuna ile ya kukata ghafla katikati ya neno. Ya kwanza inamwambia msikilizaji mambo yamekwisha, hata kama maneno hayajasema hivyo. Ya pili ni ile kofia iliyorudi kwa mlango wa nyuma. Sisi tuliingia kiitikio cha tatu kama kawaida. Sauti ya Mzee, safari hii si ya simu, iko karibu, imelowa mvua: "Nani yuko ndani? Nijibu, ni nani?" Ngoma zote zinazima kwenye silabi ya mwisho. Kisha mstari mzima wa jibu unapita mtupu, sekunde 2.7, na biti inarudi kuuliza mara ya pili, na jibu halipo tena, na wimbo umekwisha pale ambapo neno "ni" lingeanza. Hatukumkata msikilizaji katikati ya kitu. Tulimaliza umbo lote la kiitikio na kuacha nafasi moja tu wazi, ambayo anaijua kwa ukubwa wake kamili kwa sababu katika kiitikio cha kwanza ilikuwa imejaa. Watu waliousikia mara ya kwanza walilijibu wenyewe kwa sauti, wengine "ni mimi peke yangu", na mmoja, ambaye nadhani ana mdogo wake, hakusema kitu.

Kijana sasa anataka sehemu ya pili. Sina tatizo, na nilikuwa nimemlazimisha tangu mwanzo aniandikie pembeni majibu yote mawili, soja akimtaja na soja akimficha, kila moja na kitakachofuata. Mwandishi asiyejua majibu yake huandika mistari ya mwisho kwa kuogopa, na woga huo hutoka kwenye maiki. Sharti nililompa kwa sehemu ya pili ni kwamba isianzie langoni. Aliyesikia ya kwanza ameshakaa langoni vya kutosha, na ambaye hajaisikia hataelewa ukimya ule. Ianze siku kadhaa baadaye, mahali ambapo jibu limeshazaa matunda, na mistari minne ya kwanza imwonyeshe msikilizaji mpya funguo mbili na ndugu wawili bila kumrudisha yule wa zamani nyuma. Hadi jana alikuwa na mistari mitatu. Wa nne bado unaishia na -ani, na nimemwambia autafutie kina kingine.